UZI: Nimesoma mkataba wa aplikesheni ya mkopo kabla ya kubonyeza "Nakubali". Ile "1.2% tu kwa siku" siyo unayoidhani

FundiBaridi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi friji, nipo Morogoro. Wiki hii mteja mwenye duka la vinywaji kaniletea friji yake ya mlango wa kioo, kompresa imekufa. Kompresa ya kubadilishia nimeipata kwa 95,000. Gesi ninayo. Mteja kasema atalipa kazi ikikamilika, na mimi mfukoni nimebaki na nauli tu kwa sababu shule zimefunguliwa. Faida yangu kwenye kazi nzima, nikishatoa kompresa, ni kama 40,000.

Kijana wangu wa karakana akaniambia bosi, kuna aplikesheni inatoa laki papo hapo. Nikaipakua. Nikajaza namba ya NIDA, nikapigwa picha ya uso, dakika tatu hazijaisha nikaletewa skrini ya kijani: "Hongera! Umeidhinishiwa TSh 100,000. Gharama 1.2% tu kwa siku. Siku 14." Chini yake kuna kitufe kikubwa "Nakubali", na chini ya kitufe kuna maandishi ya kijivu, madogo kama ya kwenye kopo la dawa ya mbu, yanasema kwa kubonyeza nimesoma vigezo na masharti. Kile kisanduku cha kukubali kilishawekwa tiki tayari, sikukigusa mimi.

Nikabonyeza yale maandishi ya kijivu. Mkataba una kurasa kumi na moja kwa Kiingereza. Nikakaa nao usiku na kamusi, naweka hapa nilichokiona, mnisahihishe.

Kwanza, laki siyo laki. Kifungu cha 5 kinasema kuna "ada ya uchakataji" 12% inayokatwa kabla pesa haijatoka. Kwa hiyo mkononi naingiziwa 88,000, ila deni linaandikwa 100,000. Skrini ya kijani haikulitaja hili hata kwa nukta.

Pili, ada ya siku ni 1,200. Mara siku 14 ni 16,800. Nitarudisha 116,800. Sasa chukua 116,800 utoe 88,000 niliyoishika: 28,800. Ukigawa kwa siku 14 ni kama 2,057 kwa siku, na hiyo kwa 88,000 ni zaidi kidogo ya 2.3%. Yaani ile 1.2 ya kwenye tangazo imekaribia mara mbili, na bado sijachelewa hata saa moja.

Tatu, na hapa ndipo nilicheka peke yangu: 88,000 hainunui kompresa ya 95,000! Ili niishike 95,000 inabidi niombe 110,000. Wakate 13,200 yao, nibaki na 96,800. Ada ya siku inakuwa 1,320, mara 14 ni 18,480. Jumla wanachukua 31,680. Faida yangu ni 40,000. Nitakuwa nimefanya kazi ya siku mbili kwa 8,000 na kutoa pesa kwa wakala bado sijahesabu.

Swali langu: nimesoma sawa, au kuna kitu nimekielewa vibaya? Sijabonyeza bado, skrini ya kijani ipo tu inanisubiri.

Kijiti_Mbeya

Mkuu mbona unakuza jambo. BoT wameruhusu mpaka 3.5%, hao wana 1.2%. Wako chini ya kikomo, tena mbali. Tatizo letu tunapenda pesa ya bure.

FundiBaridi

Kijiti, hiyo 3.5 ni ya siku au ya mwezi?

Kijiti_Mbeya

Asilimia ni asilimia mkuu.

Nyota_ya_Kati

Samahani wakuu, hiyo aplikesheni inaitwaje? Nina shida ya 50,000 ya haraka leo leo.

AfisaMikopo_Zamani

Kijiti, asilimia siyo asilimia. Nimekaa dirishani kwenye taasisi ndogo ya fedha miaka tisa, na swali hilo la "ya siku au ya mwezi" ndilo linaloamua kila kitu. Kikomo cha Benki Kuu kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani hawa wanaokopesha bila kupokea amana, ni 3.5% kwa MWEZI. Kwa laki moja ni 3,500 kwa mwezi mzima. Kwa siku 14 ingekuwa kama 1,630 hivi. Mwenzetu anaambiwa 16,800 ya ada za siku, na 12,000 juu yake.

Utauliza wanapitaje. Angalia neno. Kwenye mkataba wako, Fundi, tafuta neno "riba". Nina uhakika umelikuta mahali pamoja tu, na limeandikwa kitu kidogo au sifuri. Vingine vyote vinaitwa ada: ada ya uchakataji, ada ya huduma ya kila siku, ada ya mfumo. Hiyo ndiyo njia yao.

Hesabu yako iko sawa. Ila hujaniambia kitu kimoja ambacho kwangu ni kizito kuliko vyote: ada ya siku inakokotolewa kwenye kiasi gani? Rudi kwenye kifungu kinachoitaja uangalie imeandikwa "kiasi kilichoidhinishwa" au "salio la mkopo". Uniletee maneno yenyewe.

FundiBaridi

Afisa, umenitisha. Riba imeandikwa 0%. Kweli kabisa, kifungu cha 4.

Kifungu cha 6.1 nakitafsiri hivi: "Ada ya huduma ya kila siku itakokotolewa kwa kiwango kilichooneshwa kwenye ofa, juu ya kiasi kilichoidhinishwa, kwa kila siku ambayo deni au sehemu yake haijalipwa."

AfisaMikopo_Zamani

Haya. "Deni au sehemu yake." Hapo ndipo.

Chukulia umekopa ile laki. Siku ya saba mteja wako kakulipa kidogo, ukasema ngoja nipunguze deni, ukatuma 50,000. Mkopaji mwenye akili ya kawaida anaamini kuanzia kesho ada itashuka karibu nusu, maana deni limeshuka karibu nusu. Haishuki. Ada inaangalia laki iliyoidhinishwa siku ya kwanza, na itaendelea kuiangalia hata ukibakiza deni la shilingi mia tano.

Tuihesabu. Ile 50,000 inaanza kulipa ada za siku saba, 8,400. Inabaki 41,600 ya kupunguza mkopo, kwa hiyo msingi unabaki 58,400. Wiki ya pili, kama ada ingefuata salio, ungetozwa kama 700 kwa siku, na kwa siku saba ingekuwa kama 4,900. Kwa kifungu chako unatozwa 1,200 ile ile, siku saba 8,400. Umepoteza 3,500 kwa sababu ya neno moja, na umepoteza kwa kulipa mapema! Asiyelipa kitu mpaka siku ya 14 ana hali sawa na aliyejibana akalipa nusu.

Kwa mkataba wa namna hii, pesa ukiipata siku ya saba na haitoshi kumaliza deni lote, haina faida kubwa kuipeleka nusu nusu. Aidha umalize lote, au uishike mpaka itoshe, mradi usiitumie. Najua ni ushauri mgumu kwa mtu mwenye njaa zake.

Mkenya_wa_Voi

Huku kwetu Kenya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha, ina ada ya kila siku pia, lakini imepangwa kwa madaraja, si kwa asilimia. Ukiwa na deni la kuanzia shilingi 2,501 hadi 70,000 ada ya siku ni moja. Oktoba 2022 walipunguza, na deni lisilozidi 1,000 likawa halitozwi ada hiyo siku tatu za kwanza. Kwa hiyo aliyechukua 2,600 na aliyechukua 60,000 wanatozwa sawa kwa siku. Hesabuni wenyewe nani anaumia. Ila angalau ile jedwali iko wazi, mtu hutafuti kwenye ukurasa wa saba.

Kijiti_Mbeya

Sawa Afisa, hapo nimekuelewa, mwezi si siku. Lakini bado nasema kama ni ada na siyo riba, kisheria wako sawa. Kikomo ni cha riba.

AfisaMikopo_Zamani

Hapo ndugu yangu hauko mbali, na ndiyo maana biashara hii imeshamiri. Mimi naona gharama yoyote unayolazimishwa kulipa ili upewe mkopo ni bei ya mkopo, uiite ada, uiite zawadi. Wao watakuambia vingine. Sitakudanganya kwamba nimeona hukumu iliyomaliza ubishi huo.

Mama_Upendo

Jamani mimi naomba niseme yangu. Sijui vifungu. Nilikopa laki kwenye aplikesheni nyingine, siyo hiyo, masharti yanafanana. Nauza chakula karibu na stendi. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa na 116 na kitu, nilikuwa na ishirini. Ikaja kitufe "Ongeza muda", nikabonyeza, nikalipa 16,800, nikapewa siku 14 nyingine. Nikafurahi nikasema Mungu mkubwa. Nikafanya hivyo mara tatu. Siku nimekaa na mwanangu wa sekondari tuangalie nimebakiza kiasi gani, tukakuta laki vile vile. Nimelipa 50,400 na deni halijaguswa hata senti.

Na nilipochelewa siku mbili mara ya nne, walimtumia meseji dada wa kanisani kwetu, eti mimi ni tapeli amshauri nilipe. Dada mwenyewe namba yake niliihifadhi kwa ajili ya michango ya harusi tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

FundiBaridi

Pole sana mama. Hiyo ya meseji umenifanya nirudi kuangalia ruhusa. Kwangu iliomba meseji, majina ya kwenye simu na mahali nilipo. Nilikataa majina, ikasema ofa haiwezi kuendelea.

Swichi

Fundi, hapo mimi ndiyo eneo langu. Uliipakua Google Play au kwa linki? Tangu mwishoni mwa Mei 2023 kanuni za Google Play haziruhusu aplikesheni za mikopo binafsi kusoma majina yaliyomo kwenye simu wala picha. Na haziruhusu mkopo wa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu. Mkopo wa siku 14 hautakiwi kuwepo pale kabisa.

FundiBaridi

Kijana alinitumia linki WhatsApp. Ila sasa hivi nimeitafuta Play, nimekuta yenye jina hilo hilo na nembo hiyo hiyo. Maelezo yake yanasema muda wa mkopo ni siku 91 hadi 180! Wakati ndani mimi naoneshwa 14 tu, hakuna pa kuchagua.

Swichi

Zile siku 91 zimeandikwa kwa ajili ya mkaguzi, siyo kwa ajili yako. Ukiona maelezo ya nje yanasema miezi mitatu na ofa ya ndani inasema wiki mbili, huhitaji hata kufika kwenye mkataba. Na ya linki ndiyo mbaya zaidi, maana haijapita kwa mkaguzi yeyote. Piga picha ya skrini zote mbili, ile ya dukani na ile ya ofa, tarehe ionekane.

Mama Upendo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Yule dada wa kanisani naye ana haki ya kulalamika, maana namba ni yake na hakukubali chochote.

Mama_Upendo

Dada hataki hata kuizungumzia, baba. Tumeshayaacha.

Chenji_Moja

Mimi naona mnajisumbua. Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kama yako imo, chukua pesa, futa aplikesheni, tupa laini. Hawana leseni, hawana mkataba. Watakupeleka wapi?

AfisaMikopo_Zamani

Orodha ni kweli ilitoka. Lakini "usilipe" siwezi kukuambia. Ile 88,000 uliishika, uliitumia, ni pesa ya mtu. Leseni yake ikiwa mbovu ni kesi yake na Benki Kuu, na unaweza kupinga ada ukiwa na hoja nzuri. Kusema msingi nao umefutika ni kujipa moyo. Halafu namba ya NIDA na uso wako ulishawapa kabla ya laini kutupwa.

Chenji_Moja

Bado sijashawishika. Mtu asiye na leseni akinidai naanzaje kumtambua?

AfisaMikopo_Zamani

Tubaki hapo kwa leo. Fundi, tazama ukurasa wa kwanza wa mkataba, pale wanapotaja pande mbili. Mkopeshaji ni nani? Siyo jina la aplikesheni, jina la kampuni. Ukishalipata nenda tovuti ya BoT, kuna orodha ya wenye leseni ya daraja la pili, utafute jina la kampuni. Watu wengi wanatafuta jina la aplikesheni, wakilikosa wanasema haina leseni, wakikuta linalofanana wanasema inayo. Yote mawili ni kubahatisha.

Pia niletee siku zinavyohesabiwa, na kifungu cha kuchelewa.

FundiBaridi

Jina la kampuni nimelipata. Kwenye orodha ya BoT kuna kampuni inaitwa karibu hivyo hivyo, tofauti ni neno moja mwishoni. Sijui ni ile ile imekosewa kuandikwa au wamejibandika. Kwenye mkataba hakuna namba ya leseni wala mtaa wa ofisi, kuna sanduku la posta tu na baruapepe.

Siku: kifungu cha 7.2 kinasema siku ya kutolewa mkopo inahesabiwa kuwa siku ya kwanza, "bila kujali saa". Leo ni Jumanne, saa nne usiku. Nikibonyeza sasa hivi, Jumanne hii imebakiza saa mbili na inalipiwa 1,200 kamili. Na siku ya 14 haiwi Jumanne ya baada ya wiki mbili kama nilivyodhani, inakuwa Jumatatu. Ningekuja Jumanne asubuhi na hela yangu mkononi, nimejipanga, kumbe nimeshachelewa.

Kuchelewa, 7.4: kila siku 2.5% "ya deni lote lisilolipwa, pamoja na ada zilizokwisha kulimbikizwa", na ada ya kawaida ya 1,200 haisimami.

AfisaMikopo_Zamani

Basi hiyo Jumanne peke yake: 2.5% ya 116,800 ni 2,920, weka 1,200, deni ni 120,920. Jumatano wanaanzia kwenye 120,920, siyo kwenye 116,800. Nimeipiga mpaka siku saba za kuchelewa, inafika kama 147,900. Wiki moja ya ucheleweshaji imekula 31,000, zaidi ya gharama yote ya wiki mbili za mwanzo. Ukiwa na kikokotoo cha simu fanya mwenyewe: zidisha kwa 1.025, jumlisha 1,200, rudia mara saba.

Mtu anayechukua mkopo wa siku 14 kwa kazi ambayo mteja wake anaweza kuchelewa siku tatu, huyo hajakopa kwa bei ya 1.2%. Amekopa kwa bei ya kifungu cha 7.4.

Nyota_ya_Kati

Kwa hiyo hamtaji jina la aplikesheni?

Swichi

Nyota, soma uzi kuanzia juu. Na kama una kikoba au ndugu, anzia huko kwanza.

Nyota_ya_Kati

Kikoba kinafunguliwa Jumapili. Mtoto anahitaji dawa leo.

Mama_Upendo

Nyota njoo inbox, uko mkoa gani.

FundiBaridi (siku mbili baadaye)

Mrejesho. Sikubonyeza. Asubuhi ile nilikwenda kwa mteja na kikaratasi, nikamwandikia bei ya kompresa na jina la duka inapouzwa, nikamwambia bosi mimi mtaji umekata, kanunue wewe mwenyewe uniletee, nikutoze ufundi na gesi tu. Alinung'unika kidogo, akasema mafundi mna mambo, kisha akampa kijana wake 95,000 wakaenda pamoja na wangu. Friji ilianza kupoza jana saa tisa. Duka walimpunguzia 3,000, hiyo kaichukua yeye.

Aplikesheni niliifuta, lakini meseji zinaendelea. Ya leo inasema ofa yangu imepanda hadi 180,000 na inaisha usiku wa manane. Afisa, ile kampuni yenye neno moja la tofauti nimewaandikia BoT kuuliza, nimeambatanisha picha za skrini alizosema Swichi. Wakijibu nitaleta hapa.

Kijiti_Mbeya

Mkuu hiyo 180,000 wakikata 12% unashika 158,400. Nimeanza kuelewa sasa.